Kwa vijana wa maigizo wa Kisumu: kabla mtoto hajazama

Wanangu,

Tangu Jumamosi mliponisomea tanzia yenu pale Dunga sijatulia. Mlipofika mwisho mlinitazama, nami nikanyamaza. Kimya kile ninawadai maelezo yake.

Maonyesho matano ya kwanza yana uhai. Mwenye mtumbwi anavua omena, ana deni, na mtumbwi wake unavuja. Kibarua wake, ambaye kazi yake ni kukumba maji kwa kopo usiku kucha, hajalipwa na anaondoka. Kisha linakuja onyesho la sita: simu inalia, sauti inasema mtumbwi umepinduka na mtoto wa miaka 11 amezama. Mama anaanguka. Nyumba inashika moto. Taa zinazimwa.

Nilishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni, na mshtuko huo ukaisha kabla sijafika barabarani. Hata sikujua yule mtoto alifikaje ndani ya mtumbwi.

Nyinyi mmekua mkisikia habari za Lwanda Magere, shujaa wa Waluo. Mikuki ilikuwa haimwingii, na uhai wake ulikuwa kivulini. Watu wakikumbuka kisa hicho hutaja mkuki uliochoma kivuli, lakini mkuki huo ni jambo la dakika moja tu. Angalieni kilichoutangulia. Adui walimpa binti yao aolewe. Wazee wakamwonya, naye akamchukua. Kisha akaugua, na mke alipotaka kumchanja ili ampake dawa, wembe haukuingia mwilini. Hapo Magere alikuwa na njia mbili: avumilie homa, au amwambie mke achanje kivuli. Akasema. Kivuli kikatoka damu, na mke akaiona. Tangu neno lile litoke kinywani mwake, msikilizaji anajua mkuki uko njiani, ila hajui utarushwa siku gani. Ndiyo maana unapofika tunaumia bila kuhisi kwamba msimulizi ametufanyia hila. Aliyetoa siri ni Magere mwenyewe, kwa sababu ambayo kila mgonjwa anaielewa.

Tanzia yenu haina tukio kama hilo la kuchanja kivuli. Kati ya kibarua kuondoka na mtoto kuzama kuna pengo, na pengo hilo mmelijaza kwa simu.

Turudi kwenye kazi yenyewe ya omena, kwa maana majibu yamo humo. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haivuti samaki vizuri. Kwa hiyo mvuvi husubiri siku za giza, nazo hazidumu. Mtu wenu hahitaji mkopeshaji mwenye bunduki. Mpeni usiku wa mwisho wa giza kabla mwezi haujarudi, na deni linalodaiwa Ijumaa. Hapo mtazamaji ataelewa kwa nini hawezi kulala nyumbani, na hakuna atakayemwita mjinga.

Sasa onyesho la tano. Kibarua arudi ufukweni, ajitokeze mwenyewe. Anadai shilingi 1,200, na aseme, "Nipe 600 tu, naingia majini sasa hivi." Mwenye mtumbwi ana 2,000 mfukoni, amezifunga kwenye karatasi ya nailoni kwa ajili ya deni. Tuzione. Azitoe, azihesabu, anyamaze, azirudishe. Amwambie kibarua kwamba watu wake wenyewe wanatosha. Ndipo amwite mwanawe na kumpa kopo.

Huo ndio mlango wa kurudi nyuma ambao mwenye mtumbwi hakuwa nao. Lazima awe na nafasi ya kurudi nyuma, aijue, sisi tuione, na aiache kwa sababu inayoheshimika. Akinyimwa nafasi hiyo, mtakuwa mmemwua nyinyi waandishi. Na akiiacha kwa upumbavu mtupu, watu watasema alijitakia, waende zao wakinywa soda. Yeye aiache kwa hofu ya deni na kwa fahari kidogo ya mtu ambaye hajawahi kulipa kibarua kwa kulazimishwa mbele ya watu.

Na lile kopo lisionekane usiku huo kwa mara ya kwanza. Katika onyesho la pili mtoto alipigie ngoma, mamake amkemee kwa kelele. Lisitajwe zaidi ya hapo. Mwenzenu mmoja alipendekeza mama aote ndoto ya kopo linaloelea. Mwanangu, iache ndoto hiyo. Mtazamaji akisukumwa kutazama kitu, ataanza kuhesabu dakika badala ya kuogopa.

Kuhusu simu: iondoeni. Baba amenusurika, basi aje mwenyewe. Akiingia, amkute kibarua ameketi na mama, amekuja kusema deni lake linaweza kusubiri na kesho ataingia kazini. Katika tanzia ya Mfalme Edipode, mjumbe wa Korintho anakuja kumwondolea mfalme hofu: anamwambia kwamba wale anaowadhani wazazi wake hawakumzaa. Faraja hiyo ndiyo inayofungua ukweli wote. Kibarua wenu na afanye kazi ya namna hiyo. Amwulize baba, kwa wema kabisa, "Usiku wa leo nani amekukumbia maji?"

Baba asijibu. Atoe mfukoni ile nailoni, aifungue, na noti ziwe kavu. Ahesabu 600 na kuziweka mbele ya kibarua. Mama atazame mikono ya mumewe, kisha atazame msumari ukutani ambapo kopo hutundikwa. Msiandike kilio. Mpeni mwigizaji nafasi.

Moto nao uende. Najua mliupenda, na najua mlipanga hata namna ya kuuonyesha kwa taa nyekundu. Lakini nyumba ile haikuunguzwa na lolote alilofanya mtu yeyote katika maonyesho matano. Maumivu yasiyo na mzizi ndani ya mchezo ndiyo yanayomfanya mtazamaji aseme mwandishi ni katili. Tena yanamwondoa baba machoni petu wakati ule ule tunaotaka kubaki naye. Tangu pesa ziwekwe mezani hadi taa kuzimwa, ukurasa mmoja unatosha.

Mkimaliza kuandika upya, msomeeni mtu asiyejua kisa. Msome hadi mwisho wa onyesho la tano, mfunge daftari, mwulize anahofia nini. Akikosa jibu, mwisho bado ni wa ghafla. Akiwatajia kila kitu hadi msumari ukutani, mmepanda mbegu kwa kelele, punguzeni. Mtu akisema, "Namhofia yule mtoto, lakini pengine baba atageuza mtumbwi," mko mahali pazuri. Fanyeni hivyo kwa watu watatu au wanne, na angalau mmoja awe mvuvi, kwa sababu yeye atawaambia kama mtoto wa miaka 11 anaweza kukumba maji kwa kasi inayotakiwa.

Jumamosi ijayo nitafika Dunga saa tisa alasiri. Onyesho la sita liacheni nyumbani. Nileteeni la tano, na yule atakayeigiza baba aje na noti za kuhesabu. Nataka kuona anachukua muda gani kabla ya kuzirudisha mfukoni.

Mwalimu wenu