Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: dawa nyekundu iliyomwagika wodini

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Kwa heshima zote tunakuandikia hadharani, maana barua tatu tulizopitisha kwa wakuu wa idara hazijajibiwa. Jumanne iliyopita chupa ya dawa ya saratani iitwayo doksorubisini, ya mililita 25, yenye miligramu 50, ilivunjika sakafuni wodi ya saratani. Mhudumu alifika na glavu za plastiki za kawaida, akamwaga spiriti, akapiga deki. Wekundu ukafika mlangoni, na dekio lile lile likaingia wodi ya pili.

Mhudumu hana kosa. Hakuna aliyemfundisha kwamba spiriti haiui dawa hii, inaitandaza tu. Kilichotakiwa ni kuzuia watu wasipite, kuvaa joho lisilopitisha maji, miwani na barakoa ya kuchuja hewa, kisha kulaza vitambaa vya kufyonza taratibu, matone yasiruke. Vipande vya chupa huzolewa kwa kijikoleo, kamwe si kwa vidole. Ndipo sakafu huoshwa kwa sabuni na maji mara tatu, kutoka pembeni kwenda katikati palipo na dawa nyingi, na kusuuzwa.

Na glavu, Daktari! Uliahidi mwaka jana, tukaletewa zilezile za plastiki ambazo dawa hupenya. Tunahitaji za naitraili zilizopimwa kwa dawa za saratani, zisizo na unga, kwa sababu unga hunasa dawa na kuipeperusha. Huvaliwa jozi mbili: ya ndani chini ya mkono wa joho, ya nje juu yake. Hubadilishwa kila dakika 30, au papo hapo zikichanika au kurukiwa na dawa.

Jumanne tuliona dawa ilikokwenda kwa sababu ni nyekundu. Dawa nyingine ya saratani, siklofosfamidi, ikishayeyushwa ni kama maji. Ikidondoka mezani hakuna anayeijua, na hutoka pia kwenye mkojo wa mgonjwa, ambao hushikwa kwa tahadhari walau saa 48 baada ya dozi. Leo muuguzi anayemwaga mkojo huo hana hata joho.

Vitambaa vya Jumanne viliingia mfuko wa taka za kawaida, vikapelekwa kwenye kichomataka chetu cha matofali. Dawa hizi huhitaji moto wa nyuzi 1,200 hivi. Usipofika huko, dawa hutoka na moshi, na jikoni pako upande wa pili wa ukuta. Pengine ni gharama ya kusafirisha taka hizi kwenye kichomataka kinachofaa iliyokwamisha. Basi zitengwe kwanza, kwenye ndoo ngumu yenye mfuniko na maandishi ya onyo.

Tunajua yote hayawezekani kwa siku moja. Boksi la kusafishia dawa iliyomwagika linawezekana: glavu, joho, miwani, barakoa, vitambaa, kijikoleo, mifuko miwili minene. Tunaliomba litundikwe ukutani wodini na famasi kabla ya kliniki ya Jumatatu. Tafadhali, Daktari, kabla ya Jumatatu.

Wafamasia na wauguzi wa wodi ya saratani