Msiba pasipo umeme: betri moja ya gari na waya mwembamba

Mteja wa mitambo ya sauti akitupigia simu kwamba kuna msiba, swali letu la kwanza ni hili: kina mama watakaa wapi? Hapa Tanga mara nyingi wanaume huwa mbele chini ya turubai, na wanawake huwa uani. Nyumba ikiwa katikati, ukiongeza sauti ya mbele unawaumiza masikio walio karibu, na uani bado hawasikii mawaidha. Inabidi spika za honi zipelekwe kule kule.

Tuseme msiba uko shambani, upande wa Pongwe. Umeme hakuna. Tuna amplifaya ya wati 60 ya kutumia betri ya volti 12, honi moja ya mbele, mbili za uani, na mita 40 za waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75. Honi za omu 8 zikifungwa kawaida, kwenye tundu la 4Ω, zile mbili za uani hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu, kwa sababu waya, kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 2. Tena zote tatu kwa pamoja ni mzigo mzito kuliko omu 4, na amplifaya huanza kuchemka.

Ndiyo maana tunabeba honi zenye transfoma, tunazifunga kwenye matundu ya COM na 100V ya amplifaya. Volti ikiwa kubwa, mkondo unaopita ni mdogo, na waya ule ule hauli kitu cha maana. Kila honi tunaiweka kwenye wati 15, jumla 45, chini ya uwezo wa amplifaya. Honi isiyo na transfoma usiichomeke hapo kamwe, utaiua amplifaya. Viungo vyote tunavifunga tepu vizuri na kuvining'iniza juu ya umande, maana volti hizo zinapiga shoti.

Maiki ikae nyuma ya honi ya mbele, na msemaji aiweke umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni. Mluzi ukianza, usikimbilie kupunguza sauti. Angalia kwanza kama honi imegeukia maiki, au kama kuna maiki nyingine imeachwa wazi. Shehe akiwa na sauti ya chini, msogezee maiki. Tunaomba sana mtu mmoja wa familia asimamie jambo hilo, kwa sababu hakuna anayependa kumkatiza mzee katikati ya dua.

Betri ya Ah 70 iliyojaa inatosha mchana mzima wa maneno. Ikichoka, sauti hukatika pale msemaji anapopaza, huku maneno ya chini yakitoka safi. Watu hudhani honi imekufa. Pima betri mitambo ikiwa inafanya kazi: ikisoma chini ya volti 11.5, badilisha. Jenereta tunaikwepa, kwani mngurumo wake unawafikia walio uani kabla ya mawaidha.