Migomba ya Kisukari inayonyauka: maelezo ya picha nilizokutumia

Kibosho, Moshi

Rafiki yangu Bwana Shamba,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Picha nilizokutumia kwenye simu ni za migomba ya Kisukari iliyoko kwenye kihamba chetu, na kwa kuwa picha peke yake inaweza kupotosha, naona heri nikuandikie yale ambayo hazionyeshi.

Kihamba kiko kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi, na kahawa imepandwa chini ya migomba. Migomba inayonyauka ni 6, yote ni Kisukari na yote imekwisha kuzaa angalau mara moja. Haikutawanyika ovyo: imefuata ukingo wa mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, kuanzia pale tulipopanda machipukizi yaliyotoka kijiji jirani, kisha ikashuka na maji. Mchare ulio upande wa juu wa mfongo bado ni wa kijani. Dalili zilianza wakati udongo ukiwa na unyevu wa masika, kwa hiyo sidhani kwamba ni kiu.

Picha ya mgomba mzima inaonyesha majani yaliyovunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kuzunguka shina kama sketi. Usichoweza kuona hapo ni mpangilio wa kuanza: umanjano ulianzia ukingoni mwa majani ya chini yaliyokomaa, ukaingia ndani kuelekea uti wa jani, ndipo ukapanda juu, huku jani changa la katikati likiendelea kusimama wima. Karibu na ardhi shina limepasuka kwa urefu, na katika picha ile nimeweka rula ili uone ukubwa wa ufa.

Picha iliyo muhimu kuliko zote ni ya shina lililokatwa, na naomba uiamini hiyo ya kwanza tu. Niliipiga kivulini mara tu baada ya kisu kupita, kwa sababu utomvu wa mgomba hugeuka kahawia ukikaa hewani, na baada ya muda kidogo hata shina zima lenye afya huonekana bovu. Ukiikuza utaona vidoa vyekundu vya kahawia vilivyojipanga kwa duara kwenye maganda ya nje, na nilipokata kwa urefu vidoa hivyo vikawa nyuzi ndefu zinazopanda kutoka kwenye kitako. Kitako chenyewe kina rangi hiyo hiyo, lakini hakina matundu ya fukusi, nami nilimtafuta kwa makini kwa kuwa ndiye mshukiwa wetu wa kila siku.

Najua utauliza kuhusu mnyauko bakteria uliowasumbua wenzetu wa Kagera. Nilikiacha kipande cha shina kivulini kwa nusu saa, na hakikutoa usaha wa manjano. Kipande kingine nilikitundika kwenye glasi ya maji safi, na hakuna uzi mweupe ulioteremka. Ndizi za mkungu mmoja ni nyembamba, ila hazikuiva kabla ya wakati, na nyama yake ndani ni nyeupe bila doa. Ua dume nalo halikusinyaa. Kwa hayo yote nashuku ugonjwa wa Panama, ule wa kuvu wa udongoni anayeziba njia za maji, na Kisukari inajulikana kwa kuambukizwa upesi.

Hata hivyo macho hayawezi kutenganisha aina za kuvu huyo. Ile aina inayoua hata ndizi za Kavendishi ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013, kwa hiyo ningependa maabara ya Mamlaka ya Afya ya Mimea pale Ngaramtoni ilitamke jambo hili, si mimi. Nimechomoa nyuzi zenye rangi kutoka kwenye shina, mbali kidogo na sehemu iliyokwisha kuoza, nikazifunga kwenye karatasi kavu ndani ya bahasha. Sikutumia mfuko wa nailoni, kwani unyevu ungeziozesha na vijidudu vingine vingemfunika yule tunayemtafuta. Bahasha ina jina la aina ya mgomba, mahali na tarehe.

Kisu nilikipitisha motoni, na hakuna chipukizi litakalotoka hapa kwenda kwa mtu. Mfongo nimeuzibia juu ya ile migomba, jambo ambalo jirani wa chini hakulifurahia, maana zamu ya maji ni yake pia. Kuvu huyu hukaa udongoni kwa miaka mingi bila mgomba wowote, na hakuna dawa ya kupuliza itakayomfikia, kwa hiyo sijanunua chochote dukani.

Ukija, tafadhali acha pikipiki barabarani na uje na buti zinazooshwa, maana udongo unaonata kwenye soli unatosha kumhamishia mwenzetu kuvu huyu. Nami naomba uniambie mapema: niiache migomba hiyo ikiwa imesimama hadi uione, au niikate na kuifukia papo hapo bila kuchimbua vitako? Naogopa kwamba nikivichimbua nitaueneza udongo wenyewe.

Wako,
Rafiki yako wa Kibosho