Kiini cha yai kimebebeshwa kesi ya mafuta ya kukaangia

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa afya iliyowataka wasomaji watupe kiini cha yai na kula ute peke yake imerudia ushauri uliokuwa na maana mwaka 1968. Mwaka huo Chama cha Moyo cha Marekani kiliwaambia watu wasizidishe viini vitatu kwa wiki, wala miligramu 300 za lehemu, yaani kolesteroli, kwa siku. Ukomo huo wa miligramu 300 haumo tena katika mwongozo wa lishe wa serikali ya Marekani tangu toleo la 2015 hadi 2020. Naomba nafasi nieleze kilichobadilika, kwa sababu msomaji aliyeifuata makala yenu huenda anatupa kiini huku kinachompandishia lehemu kikibaki kwenye sahani.

Yai moja kubwa lina lehemu karibu miligramu 200, na yote imo kwenye kiini. Hilo halina ubishi, na ni hivyo hivyo kwa yai la kisasa na la kienyeji. Rangi ya njano iliyokolea hutokana na majani na mahindi anayokula kuku, haihusiani na lehemu. Kifaranga anahitaji lehemu kujenga seli zake, kwa hiyo yai lisilo nayo halipo, hata kama muuzaji anaapa. Ubishi upo kwenye swali jingine: lehemu unayoila inaongeza kiasi gani ile inayozunguka kwenye damu?

Hofu ilianza na sungura. Mwaka 1913, huko St. Petersburg, Nikolai Anichkov aliwalisha sungura lehemu iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya alizeti, na mishipa yao ikajaa utando wa mafuta. Lakini sungura ni mla majani, na mwili wake haukuumbwa kupokea lehemu ya chakula. Mwili wa binadamu hujitengenezea sehemu kubwa ya lehemu yake wenyewe, na ukila nyingi, ini hupunguza uzalishaji huku utumbo ukiacha nyingine ipite bila kufyonzwa. Kwa wastani tunafyonza kama nusu ya tunayokula, ila watu hutofautiana sana. Jarida la New England Journal of Medicine liliwahi kuchapisha, mwaka 1991, habari za mzee wa miaka 88 aliyekuwa akila mayai 25 kwa siku na lehemu ya damu yake ikawa ya kawaida. Alipopimwa alikutwa anafyonza asilimia 18 tu. Simtaji ili aigwe. Yupo upande wa pili mtu ambaye yai moja kwa siku linaonekana waziwazi kwenye vipimo vyake.

Mafuta mgando, yale ya aina inayopatikana kwa wingi kwenye mawese, nazi, siagi na nyama yenye mafuta, hufanya kazi kwa njia nyingine. Kwenye ini kuna vipokezi vinavyozoa kutoka kwenye damu chembe za LDL, zile zinazobeba lehemu na kuziba mishipa zikizidi. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Nobeli mwaka 1985 kwa utafiti wao juu ya vipokezi hivyo. Mafuta mgando yakizidi, vipokezi hupungua kazi, na LDL hubaki ikizunguka kwenye damu. Yai lenyewe lina gramu moja na nusu hivi tu ya mafuta hayo.

Sasa tupige hesabu ya chipsi mayai, maana ndiyo sahani ambayo wengi wanailaumu kwa ajili ya mayai. Tuchukue sahani ya chipsi gramu 200 na mayai mawili, inayoliwa kila siku na mtu ambaye mahitaji yake ni kilokalori 2,000. Chipsi zilizoiva vizuri hunyonya mafuta, na kiasi cha gramu 28 kwa sahani hiyo ni makadirio ya kawaida. Kama ni mafuta ya mawese yaliyosafishwa, karibu gramu 12 kati ya hizo ni mafuta mgando. Mayai mawili yanaongeza gramu tatu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta mgando yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wetu ni gramu 22, kwa hiyo sahani moja imeshakula theluthi mbili ya haki yake.

Kuna kanuni ya zamani ya mtafiti wa lishe Ancel Keys na wenzake wa Minnesota ambayo bado inafaa kwa makadirio. Inasema lehemu ya chakula huipandisha ya damu kwa kufuata kipeuo cha pili cha kiasi unachokula, kwa maana kwamba kila yai linalofuata huongeza kidogo kuliko lililotangulia. Mtu wetu akiwa anapata miligramu 200 kutoka kwenye nyama, samaki na maziwa, yai la kwanza litampandishia lehemu ya damu kama 6 mg/dl, na la pili kama 5. Ukijumlisha na mafuta yaliyo ndani ya viini, mayai mawili yanamgharimu kama 15. Akiacha mayai yote mawili, atashuka kiasi hicho. Lakini akiendelea kula mayai hayo, na badala ya mawese chipsi zikakaangwa kwa alizeti, kanuni hiyohiyo inatoa mshuko wa karibu 20. Alizeti ina mafuta mgando kama asilimia 11, na mafuta yake mengi ni ya aina inayoshusha LDL.

Kanuni hiyo inaonyesha jambo jingine ambalo hapa kwetu linafaa kuangaliwa. Anayekula ugali, maharage na mchicha, asiyegusa nyama wala maziwa, huanzia karibu na sifuri. Yai lake la kwanza linaweza kumpandishia hata 15 mg/dl, zaidi ya mara mbili ya mla nyama. Asishtuke, kwa sababu kwa kawaida anapanda kutoka chini, na mtu wa namna hiyo ndiye anayenufaika zaidi na protini, vitamini B12 na kolini iliyomo kwenye kiini. Kumnyima mtoto kiini kwa kuhofia moyo ni kumkosesha sehemu bora ya yai.

Muuza chipsi hapendi alizeti, na ana sababu zake. Mawese ni rahisi kwa bei na yanavumilia moto kwa muda mrefu. Alizeti ikichemshwa tena na tena siku mbili tatu huharibika upesi: inakuwa nzito, inatoa povu lisilotulia na moshi mapema, na kile kilichofanya iwe bora kinaungua. Kwa hiyo kubadilisha mafuta kunafaa zaidi nyumbani, ambako unakaanga kidogo na kumwaga yaliyobaki, au unachemsha yai na kuachana na mafuta kabisa. Ukitaka kujua unanunua nini, soma lebo nyuma ya chupa. Maneno "mafuta ya kula" mbele hayakwambii kitu. Kwa wenzetu wa Njombe na Makete kuna njia rahisi zaidi: mafuta yanayoganda meupe kwenye dumu asubuhi ya baridi yana mafuta mgando mengi.

Makala yenu ilitaja utafiti unaoonyesha mayai yanaua. Nadhani ni ule uliotoka katika jarida la JAMA mwezi Machi 2019, uliofuatilia Wamarekani 29,615 na kukuta kwamba kila nusu yai la ziada kwa siku liliendana na ongezeko dogo, kama asilimia 6, la magonjwa ya moyo na mishipa. Ni utafiti wa heshima, ila chakula kiliulizwa mara moja tu mwanzoni, na watu wakafuatiliwa kwa miaka 17 hivi kana kwamba hawakubadilisha mlo. Pia Mmarekani hali yai peke yake. Hula na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, soseji na siagi, na kutenganisha hayo kwa takwimu ni kazi ngumu. Utafiti wa PURE wa mwaka 2020, uliohusisha nchi 21 Tanzania ikiwamo, haukuona uhusiano wa maana kati ya mayai na magonjwa hayo. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Australia Kusini walibadilishia watu milo na kupima: mayai mawili kwa siku yakiwa na mafuta mgando machache yalishusha LDL kidogo, na kilichoambatana na kupanda kwake kilikuwa mafuta mgando. Jaribio hilo lilifadhiliwa na taasisi ya wafugaji wa kuku wa mayai, na msomaji anastahili kulijua hilo. Naliamini hata hivyo, kwa kuwa linakubaliana na hesabu za Minnesota zilizofanywa muda mrefu kabla.

Hata hivyo nisieleweke kwamba kila mtu ale anavyotaka. Tamko la Chama cha Moyo cha Marekani la mwishoni mwa 2019 linamruhusu mtu mzima mwenye afya yai moja zima kwa siku, na mzee mwenye lehemu ya kawaida hadi mawili. Linawataka waliokwisha kuwa na LDL ya juu, hasa wenye kisukari, wajihadhari. Kwa wenye kisukari ushahidi bado unagongana: tafiti za kufuatilia watu Marekani zimeonyesha hatari zaidi, wakati jaribio la Sydney lililowapa mayai 12 kwa wiki kwa miezi mitatu halikuona mabadiliko ya lehemu. Ningewashauri viini visizidi vinne kwa wiki hadi vipimo viseme vinginevyo. Idadi hiyo ni busara yangu, haitoki kwenye mwongozo wowote. Na mwenye LDL inayozidi 190 mg/dl, sawa na 4.9 mmol/L, asipoteze muda na mayai. Huenda ni tatizo la kurithi linalohitaji dawa, na ndugu zake wa damu nao wapimwe.

Anayetaka kujua yai linamfanyia nini yeye binafsi anaweza kujipima. Apime lehemu kwanza akiwa mzima, kwa sababu homa na maambukizi hushusha LDL kwa uongo. Kisha aache viini kwa wiki sita bila kubadilisha kitu kingine chochote, wala mafuta, wala nyama, wala uzito, na arudi kupima kwenye maabara ileile. Wengi hukosea hapa: wanaacha mayai, chipsi na nyama choma kwa mpigo, halafu sifa zote wanaipa hatua ya kuacha mayai. LDL ikitoka 3.9 mmol/L hadi 3.7, asihesabu chochote, kwa kuwa tofauti isiyofika asilimia 10 hutokea hata bila kubadilisha mlo. Ikitoka 3.9 hadi 3.2, kabla ya kufurahi arudie kipimo mara moja zaidi. Na kama trigliseridi zake, yaani mafuta mengine yanayopimwa kwenye damu, zinazidi 4.5 mmol/L, amwombe mhudumu LDL iliyopimwa moja kwa moja, kwa sababu ile inayopatikana kwa kukokotoa haiaminiki hapo.

Mtaalamu wa lishe,
Morogoro