Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Siku Ubao Wetu Uliposoma 94

Ndugu wanachama,

Ya mahudhurio na fedha mtayasikia kwa katibu na mweka hazina. Mimi nina jambo moja, lile lililotugombanisha mwaka huu: siku ubao wetu wa ubora wa hewa ulipoandika 94 kwenye faharasa, namba inayopanda hewa inavyochafuka, yaani hewa ya kiwango cha wastani, na wenzetu wenye pumu wakasema kifua kinabana.

Walikuwa sahihi. Siku hiyo wastani wa saa 24 wa chembechembe za PM10, zile zisizozidi upana wa mikromita 10, ulikuwa mikrogramu 80 kwa kila mita ya ujazo, na wa PM2.5, zile zisizozidi mikromita 2.5, ulikuwa 45.0. PM10 kwa sehemu kubwa ni vumbi la barabara na ujenzi. PM2.5 hutokana zaidi na vitu vinavyoungua: kuni, mkaa, taka, dizeli. Unene wake haufiki hata moja ya ishirini ya unywele, kwa hiyo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo maana, mbali na pumu, huleta pia magonjwa ya moyo na kiharusi.

Tunatumia jedwali la EPA, shirika la mazingira la Marekani, lililorekebishwa mwaka 2024. Humo kila kichafuzi kina ngazi zake. Kwa PM2.5, kipimo cha 45.0 kiko kwenye ngazi ya 35.5 hadi 55.4, ambayo faharasa yake ni 101 hadi 150. Basi tunatafuta kipimo kimepanda kiasi gani ndani ya ngazi hiyo:

```
(150 - 101) / (55.4 - 35.5) * (45.0 - 35.5) + 101 = 124.4
```

Jibu ni 124, rangi ya chungwa: hewa mbaya kwa watoto, wazee na wenye maradhi ya moyo au mapafu. PM10, kwa njia hiyohiyo, inatoa 63.

Kosa letu (nami nililipitisha) ni kujumlisha 124 na 63 kisha kugawa kwa mbili. Faharasa haipatikani kwa wastani wa vichafuzi. Inayotangazwa ni ile kubwa kuliko zote. Vumbi likiwa dogo halipunguzi ukali wa moshi.

Baadhi yenu mliuliza kama kifaa chenyewe kilidanganya. Swali zuri, maana vifaa vyetu huhesabu chembe kwa mwanga wa leza, na hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe huvimba, kipimo kikapanda bure. Dalili yake ni namba kupaa alfajiri pamoja na unyevu, kisha kushuka jua likichomoza. Siku ile unyevu ulikuwa mdogo, na namba zilibaki juu hadi mchana. Ulikuwa moshi.

Kamati inakokotoa upya siku zote za mwaka. Kuanzia sasa ubao utaandika namba kubwa pamoja na jina la kichafuzi kilichoileta.