Mheshimiwa Waziri, Dohani Ndefu Haipunguzi Tindikali

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira,

Kwa heshima zote. Mwaka jana uliahidi kwamba mtambo wa umeme wa makaa ya mawe utafungiwa kifaa cha kusafisha moshi. Wiki iliyopita umetangaza kwamba utaongezewa urefu wa dohani. Mheshimiwa, hayo si kitu kimoja.

Chukua tani moja ya makaa yenye salfa asilimia 2. Ndani yake mna kilo 20 za salfa, na zikiungua karibu zote hutoka kama kilo 40 hivi za dioksidi ya salfa. Gesi hiyo ikikutana na oksijeni na maji angani huwa kilo 61 za asidi ya salfuri, zinazotosha kula kilo 62 za mawe ya chokaa. Dohani iwe fupi au ndefu, hesabu haibadiliki. Kinachobadilika ni nani atanyeshewa. Kule Sudbury, Kanada, kiwanda cha kuyeyusha nikeli kilijengewa dohani ya mita 381 mwaka 1972. Hewa ya mji ikapata nafuu, salfa ikaenda kuangukia mbali.

Kwenye majengo dalili ziko wazi. Jiwe la chokaa hugeuka jasi. Panaponyesha, jasi huoshwa na nakshi hufifia. Chini ya vibaraza pasipofikiwa na mvua, hushika masizi na kuwa gamba jeusi linalobanduka pamoja na jiwe. Kupaka rangi juu yake ni kuficha kidonda.

Udongo ndio unaotutisha zaidi, kwa sababu hauonyeshi mapema. Tindikali hunyang'anya udongo kalsiamu na magnesiamu, na pH ikishuka chini ya 5, alumini iliyokuwa imefungwa huyeyuka na kudhuru mizizi. Hata mvua ikitakata, akiba ile hairudi upesi. Katika msitu wa Hubbard Brook, Marekani, mwaka 1999 watafiti walimwaga kwa helikopta madini yenye kalsiamu ili kurudisha kilichopotea.

Dawa inajulikana. Moshi hupitishwa kwenye mnyunyizo wa maji yaliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa. Kifaa hicho kikinasa asilimia 90 ya gesi, zile kilo 40 hubaki 4, kwa kutumia kilo 56 hivi za mawe ya chokaa, na jasi inayopatikana hutengenezewa bodi za ujenzi. Lakini kifaa bila kipimo huzimwa usiku. Sheria ya Marekani ya 1990 iliweka kikomo cha jumla cha dioksidi ya salfa, ikaruhusu mitambo kuuziana vibali vya kuitoa, ikadai vipimo vya kudumu ndani ya dohani na faini ya dola 2,000 kwa kila tani iliyozidi. Kufikia 2010 salfa ya mitambo ya umeme ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu.

Hatuombi sheria yote hiyo leo. Tunaomba ulichoahidi: kisafisha moshi, na kipimo chake kisomwe hadharani kila saa. Fedha za dohani zielekezwe huko kabla mkandarasi hajaanza kumwaga zege.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakemia na wataalamu wa udongo