Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: namba 385 na mahali inapokomea

Kwa wanachama wote, Bukavu

Wanachama wapendwa, mama na baba,

Habari za sanduku ziko katika karatasi za mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya iko kwa sekretari, sitazirudia hapa. Nafasi hii ninaitoa kwa jambo moja lililorudi kila kamati ya ufundi ilipokaa kusoma mipango ya uchunguzi: kaya ngapi zihojiwe, na kwa nini ngapi hizo. Mipango mingi ilikuja na 384 au 385, iwe kazi ni ya mji mzima au ya kartiye moja, iwe swali ni la maji au la ugonjwa. Namba yenyewe si mbaya. Ubaya ni kuivaa kama shati la kuazima bila kuangalia kama inakutosha.

Inatoka katika hesabu hii:

```
n = z² × p × (1 − p) / e²
```

Herufi p ni sehemu unayotazamia kuikuta, kwa mfano sehemu ya kaya zenye robine ndani ya parsele. Herufi e ni upeo wa kosa unaoukubali: pointi 5 juu na pointi 5 chini huandikwa 0.05. Herufi z ni 1.96 ukitaka uhakika wa asilimia 95, maana yake, kama uchunguzi uleule ungerudiwa mara nyingi kwa sampuli mpya, takribani mara 95 kwa kila 100 jibu lingeangukia ndani ya upeo huo kutoka kwenye ukweli. Asiyejua p huweka 0.5, kwa sababu hapo p × (1 − p) hufika kilele chake, 0.25, na sampuli haitapungua hata ukweli ukiwa mwingine. Matokeo ni 384.16. Kwa kuwa tunapandisha daima na hatushushi, ni 385.

Wengine hupoteza siku nzima wakibishana p iwe ngapi. Ikiwa ukweli uko kati ya asilimia 30 na 70, ubishi huo una faida ndogo: kwa asilimia 30 hesabu inashuka hadi 323 tu. Kinachopandisha gharama ni e, kwa sababu iko katika kipeo cha pili. Ukiukata upeo nusu, kutoka pointi 5 hadi 2.5, sampuli inakuwa mara nne: 1537. Mwenye pesa anayesema "tupate usahihi zaidi kidogo" aonyeshwe namba hizo mbili kabla bajeti haijaandikwa.

Kitu kimoja hakimo katika hesabu hiyo, nacho ni ukubwa wa mji. Wanachama wengi bado wanaona kama ni kosa la uchapaji. Si kosa. Kwa kaya 100,000 marekebisho ya idadi yanatoa 383, na kwa kaya 10,000 yanatoa 370. Ni pale jamii inapokuwa ndogo kweli ndipo sampuli hushuka vya kutosha kuhisiwa mfukoni: kaya 400 zinahitaji 197. Kwa hiyo desturi ya "tuchukue asilimia 10" inapotosha pande zote mbili. Katika kaya 400 inakupa 40, na upeo wa kosa wa karibu pointi 15, ambao hausemi kitu. Katika kaya 100,000 inakupa 10,000, na unalipa wahoji kwa usahihi wa pointi 1 ambao hakuna aliyeuomba. Hili linatufaa sana sisi, maana sensa ya mwisho ya nchi yetu ni ya 1984. Kutojua idadi kamili ya kaya za Bukavu hakukuzuii kuchagua ukubwa wa sampuli. Kunakusumbua baadaye, unapotafuta orodha ya kuchagulia, na hapo usumbufu ni mkubwa.

Sasa nije kwenye kosa lililo ghali kuliko yote. Namba 385 inadhani kila kaya imeokotwa peke yake kwa kura, kutoka orodha ya mji mzima. Hakuna anayefanya kazi hivyo hapa. Tunachagua avenyu, mhoji anapanda hadi pale, anahoji kaya kadhaa, anashuka. Hizo kaya kadhaa ninaziita fungu. Na majirani wa avenyu moja wanafanana, hasa kwa maji: bomba likipita, limewapitia wote, lisipofika, wote wanabeba bidoni. Kaya ya pili ya avenyu ileile inakuambia kidogo kuliko ya kwanza, na ya ishirini karibu inarudia tu. Hasara hiyo hupimwa kwa kizidishi hiki:

```
deff = 1 + (m − 1) × rho
```

Herufi m ni idadi ya kaya katika fungu moja, na rho ni kiasi cha kufanana kwa majirani: 0 hawafanani kabisa, 1 wote ni sawasawa. Kwa maoni ya mtu mmojammoja rho huwa ndogo. Kwa maji, umeme na choo huwa kubwa, kwa sababu vitu hivyo huja kwa mtaa, haviji kwa kaya moja moja.

Tufanye kazi moja mpaka mwisho. Swali: ni sehemu gani ya kaya ina robine ndani ya parsele? Mwenye kazi anataka jibu kwa kila komine, Ibanda, Kadutu na Bagira, na anakubali upeo wa pointi 6. Hapo ndipo pa kusimama kwanza, kwa sababu upeo huwekwa kwa kundi dogo kabisa utakalolitolea namba katika ripoti. Hauwekwi kwa jumla. Kwa pointi 6 hesabu inatoa 266.8 kwa kila komine.

Tuseme rho ni 0.10. Hii ni dhana ya mpango, na iandikwe kama dhana; aliye na data za uchunguzi wa zamani aipime huko. Tukichukua kaya 8 kwa fungu, kizidishi ni 1 + 7 × 0.10, yaani 1.7. Mara 266.8 ni 453.5, tunapandisha hadi 454. Hizo ni kaya zinazopaswa kujibu. Tukitazamia asilimia 92 zijibu, tunagawa: 454 / 0.92, tunafika 494. Mgao huu hukosewa mara nyingi, maana mtu huongeza asilimia 8 badala ya kugawa, anapata 491. Kwa upungufu mdogo tofauti haionekani. Lakini wakijibu asilimia 70 tu, kuongeza 30 kunakupa 591 ilhali unahitaji 649. Kaya 494 kwa mafungu ya 8 ni mafungu 62, kaya 496 kwa komine, 1488 kwa mji. Mhoji anayemaliza fungu moja kwa siku anatuweka kwenye siku 186 za kazi. Wahoji 12 wanazimaliza katika siku 16.

Msimamizi atasema: mafungu 62 ni safari nyingi, tuweke kaya 24 kwa fungu tupunguze moto. Sawa, tuhesabu. Kizidishi kinakuwa 3.3, kaya za kujibu 881, za kutembelea 958, yaani mafungu 40. Ameokoa safari 22 na amekaribia kuzidisha mahojiano maradufu. Na asipozidisha, akabaki na 267 zake katika mafungu ya 24, sampuli yake ina uzito wa kaya 81. Ripoti itasema pointi 6 na ukweli utakuwa karibu 11.

Tuangalie pia njia ya 385 kwa mji wote, ikigawanywa kwa komine tatu. Kila komine inapata kama 128. Upeo wa kosa ni pointi 8.7 kabla ya kuhesabu ujirani, na 11.3 baada yake. Sasa Kadutu ikitoa asilimia 42 na Ibanda 55, kila mtu atataka kuandika kwamba Ibanda imeitangulia. Upeo wa tofauti ya namba mbili ni mkubwa kuliko wa namba moja. Hapa unafika 16, na tofauti ni 13. Sentensi hiyo haiandikwi.

Unapojumlisha komine tatu ili upate namba ya mji, kila komine ipewe uzito wa idadi ya kaya zake, la sivyo komine ndogo itapiga kelele sawa na kubwa. Komine zikikaribiana kwa ukubwa, upeo wa mji katika mfano wetu ni kama pointi 3.5.

Upeo ulioahidiwa katika mpango lazima upimwe tena data zinaporudi. Anayetumia programu ya R, mistari ni hii:

```
library(survey)
d <- svydesign(ids=~fungu, weights=~uzito,
               strata=~komine, data=data)
svymean(~robine, d, deff=TRUE)
```

Asiye na kompyuta yenye R atumie karatasi, mradi mafungu yawe karibu sawa kwa ukubwa. Andika asilimia ya kila fungu, tafuta mchepuko wake wa kawaida, gawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mafungu, kisha zidisha kwa 1.96. Tuseme mafungu 62 ya Kadutu yamechepuka kwa 0.25: mgawo ni 0.032, na upeo ni pointi 6.2. Dhana yetu ilikuwa nzuri. Kama mafungu mengi yangekuwa 0 au 100 tupu, mchepuko ungepanda na upeo ungetuacha mbali; hiyo ndiyo dalili kwamba rho ilikadiriwa chini, na mpango unaofuata uchukue mafungu mengi zaidi yenye kaya chache.

Upeo wa pointi 6 haufuniki kila kosa. Mhoji akikuta mlango umefungwa saa nne asubuhi akaingia kwa jirani, amewaacha wanaokwenda sokoni na kuwaweka wanaoshinda nyumbani. Kuongeza sampuli hakuponyi hilo. Arudi jioni, na arudi tena kesho. Kuhusu vitu adimu, neno moja: kitu kinachotazamiwa kwa asilimia 4 hakipimwi kwa upeo wa pointi 5. Ukiweka pointi 2 na p ya 0.04 unapata 369 kabla ya ujirani.

Kuanzia sasa kamati haitasoma mpango usioonyesha kundi dogo litakalotolewa namba, e ya kundi hilo, p na sababu yake, m na rho, na asilimia inayotazamiwa kujibu. Ukurasa mmoja unatosha. Upelekwe kwa sekretari kabla ya wahoji kuanza kufundishwa, kwa sababu baada ya hapo idadi ya mafungu imeshalipiwa.

Mwenyekiti